Ni mnyama gani aliyeingia? Kusoma kinyesi cha ghalani na shambani kwenye picha

Picha nyingi za kinyesi ninazotumiwa kwa simu zina kasoro ileile: madoa meusi katikati ya giza, hakuna kitu cha kulinganishia ukubwa, na chini yake swali fupi, "Huyu ni nani?" Kwa kawaida mwenye kuuliza amekwisha kujijibu kwamba ni panya, na mara nyingi amepatia nusu tu, kwa kuwa panya wa darini hategwi mahali anapotegwa panya wa mitaroni, na mjusi kafiri, ambaye kinyesi chake hufanana na cha panya kwa mbali, hali mahindi kabisa. Mwongozo huu unafuata kisa kimoja cha ghala dogo la mahindi lililo nyuma ya nyumba huko Dagoretti, kuanzia picha mbaya ya kwanza hadi mnyama mwenyewe aliponaswa, kisha unagusa shamba, ambako kinyesi kinaweza kumsingizia mtu, yaani mnyama, asiye na hatia.

Ghala lenyewe ni la shemeji yangu. Ni chumba cha mabati chenye sakafu ya saruji, boriti zilizo wazi na magunia kumi na manne yaliyopangwa juu ya mbao. Alikuta magunia mawili yametobolewa, akanunua mitego mikubwa mitatu, akaiweka sakafuni kando ya ukuta, na kwa juma zima hakunasa kitu. Ndipo akanitumia picha moja aliyoipiga usiku kwa mwanga wa simu, na ujumbe: "Shem, hawa panya wamekuwa wajanja sana. Nitege vipi?"

Sikuweza kumjibu kutokana na picha ile. Niliona punje kama sita zinazong'aa juu ya gunia, basi. Zingeweza kuwa na urefu wa milimita tano au ishirini.

Hatua ya kwanza: usifagie, piga picha tatu

Kosa linaloharibu ushahidi ni kufagia kwanza, kukusanya kinyesi kwenye karatasi, kisha kukipiga picha kikiwa kimerundikwa pamoja. Punje zikishahamishwa, mpangilio wake umepotea, na mpangilio ndio unaoeleza nusu ya habari. Kinyesi kilichosambaa kwa mstari kando ya ukuta kina maana tofauti na kile kilichojilundika mahali pamoja chini ya boriti, hata kama punje zenyewe zinafanana.

Picha ya kwanza ipigwe ukiwa umesimama mlangoni, ionyeshe chumba: sakafu, magunia, kuta na boriti. Picha ya pili ionyeshe sehemu yenye kinyesi kwa upana wa kama mita moja, ili ionekane kiko juu ya nini na chini ya nini. Ya tatu ndiyo ya karibu, na hiyo ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi.

Kwa picha ya tatu, tafuta kitu chenye kipimo kinachojulikana ukiweke kando ya punje, si juu yake. Rula ni bora kuliko kitu kingine chochote. Kama huna, chukua ile kadi ya plastiki ambayo laini ya simu hutolewa ndani yake. Ukubwa wake ni sawa na wa kadi ya benki, milimita 85.6 kwa 54, na tofauti na kadi ya benki au kitambulisho, ukiituma haikutolei siri zako. Sipendekezi kidole, kwa kuwa vidole vya watu havilingani na hupaswi kukikaribisha mahali hapo. Sarafu nayo inanipa shida, maana zilizo mifukoni mwetu ni za aina mbalimbali, na mwenye kupokea picha hajui ni ipi.

Simama ili simu iwe juu ya punje moja kwa moja, kamera ikitazama chini wima. Ukipiga kwa mshazari, kilicho karibu na kamera kitaonekana kikubwa na kilicho mbali kitaonekana kidogo, na hapo kadi itakudanganya badala ya kukusaidia. Kwa sababu hiyohiyo kadi na punje ziwe kwenye usawa mmoja. Kadi iliyolala juu ya mkunjo wa gunia huku punje ziko bondeni haifai. Usiisogeze simu karibu mno, kwa kuwa simu nyingi za bei nafuu hazioni vizuri kitu kilicho chini ya sentimita kumi. Iweke kwenye umbali wa sentimita ishirini hivi, subiri picha itulie, upige, kisha ukuze baadaye.

Mwanga nao una kazi yake. Mwanga wa simu ukimulika kutoka juu hufuta vivuli na kufanya kila punje ing'ae, hivyo kinyesi cha mwezi uliopita kinaonekana kibichi. Zima mwanga huo, fungua mlango, au mwombe mtu ashike tochi pembeni, chini karibu na sakafu, ili mwanga upite kwa ulalo. Hapo ncha za punje, mikunjo na mipasuko yake hujitokeza. Weka pia kipande cha karatasi nyeupe pembeni. Balbu ya manjano hugeuza kila kitu kuwa kahawia, na karatasi hiyo itamwonyesha mpokeaji ni rangi kiasi gani ya kupunguza kichwani.

Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama faili kwa kuchagua `Document`, usitume kama picha ya kawaida, kwa sababu picha ya kawaida hubanwa na mistari midogo inayohitajika hupotea.

Hatua ya pili: pima punje kumi, usipime moja

Shemeji alirudi na picha tatu asubuhi iliyofuata. Nilifungua ya karibu kwenye kompyuta, nikaikuza, nikaweka rula juu ya kioo. Urefu wa kadi kwenye kioo ulikuwa milimita 107, wakati urefu wake halisi ni milimita 85.6. Ukigawa 85.6 kwa 107 unapata 0.8, kwa hiyo kila kipimo nilichochukua kwenye kioo nilikizidisha kwa 0.8 ili kupata ukubwa wa kweli.

Nilipima punje kumi. Nane zilikuwa na urefu wa milimita 14 hadi 16 kwenye kioo, maana yake milimita 11 hadi 13 kwa kweli. Mbili zilikuwa fupi sana, milimita 6 kwenye kioo, ambayo ni kama 5.

Sababu ya kupima nyingi ni kwamba panya wachanga hutoa punje ndogo. Punje moja ya milimita 8 peke yake haikuambii kama ni ya panya mdogo wa nyumbani aliyekomaa au ni ya mtoto wa panya mkubwa. Ukiwa na kumi unaangalia zile kubwa kuliko zote, kwa kuwa mnyama mkubwa anaweza kuwa na watoto wenye punje ndogo, lakini panya mdogo hawezi kutoa punje ya sentimita mbili. Kwa vipimo vya kawaida, panya mdogo wa nyumbani huacha punje za milimita 3 hadi 8, nyembamba na zenye ncha kali, zilizotawanyika ovyo kama mchele uliomwagika, na hutoa nyingi mno, kati ya 50 na 80 kwa siku. Panya wa darini, mwenye umbo jembamba na masikio makubwa, huacha za milimita 10 hadi 13, zilizopinda kidogo, zenye ncha kila upande. Panya wa mitaroni, yule mnene mwenye pua butu, huacha nene za milimita 18 hadi 20, zilizo butu kama kidonge cha dawa, na mara nyingi nyingi mahali pamoja.

Punje nane za shemeji ziliangukia kwa panya wa darini. Lakini sikumwambia bado.

Hatua ya tatu: tazama ncha, kisha tazama zilipoanguka

Urefu wa milimita 12 ungeweza pia kuwa wa panya wa mitaroni ambaye hajakomaa, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Vitu viwili huwatenganisha. Cha kwanza ni ncha. Katika picha ya mwanga wa ulalo, punje za shemeji zilichongoka pande zote mbili na kupinda kama ndizi ndogo; za panya wa mitaroni, hata akiwa mdogo, huwa butu zaidi. Cha pili ni familia. Panya mchanga wa mitaroni haji peke yake kutoka mbali. Palipo na punje zake hapakosi punje za wazazi wake, nene na ndefu, na zitakuwa sakafuni, kwa kuwa mnyama huyo huchimba na kutembea chini zaidi kuliko kupanda juu.

Nilirudi kwenye picha ya mlangoni. Kando ya kuta, mahali shemeji alipotega, sakafu ilikuwa safi. Kinyesi kilikuwa juu ya magunia ya safu ya juu na juu ya ubao unaobeba boriti. Pembeni mwa boriti moja palikuwa na utando mweusi wa mafuta, ule uchafu wa manyoya unaobaki mnyama anapopita njia moja kila usiku. Huyu alikuwa akiingia kwa juu, anashuka kwenye magunia, anakula, anarudi juu. Mitego mitatu ya sakafuni ilikuwa kwenye barabara asiyoipita.

Lipo jambo moja ambalo picha haitalimaliza. Katika Afrika Mashariki yuko pia panya wa mashambani mwenye chuchu nyingi, ambaye baada ya mavuno huhamia maghalani, na punje zake zinaingiliana kwa ukubwa na za panya wengine. Ukiwa na picha pekee, huwezi kumtenga kwa uhakika na mtoto wa panya wa darini. Mtu anayekuambia ameweza kutokana na picha moja anakisia, na mimi mwenyewe nimewahi kukisia hivyo na kukosea.

Hatua ya nne: zile punje mbili fupi

Zile mbili za milimita 5 zingeweza kunishawishi niseme kuna panya wadogo pia. Nilipokuza picha niliona kila moja ina doa jeupe kwenye ncha moja, kama chokaa. Hiyo ni alama ya mjusi. Mijusi na ndege hutoa mkojo wao ukiwa kitu cheupe kigumu pamoja na kinyesi, na panya hawafanyi hivyo. Mjusi kafiri hukaa karibu na balbu akivizia wadudu, na kwa kweli picha ya chumba ilionyesha balbu juu ya sehemu ileile. Alama nyingine ya mjusi ni kinyesi kilichoganda kwenye ukuta wima, mahali ambapo punje ya panya isingekaa. Hahitaji kutegwa, na ukimwekea sumu umemuua anayekulia wadudu.

Ukikuta vitu vidogo zaidi, chini ya milimita tatu, kama pilipili manga iliyosagwa, hasa kwenye bawaba za mlango na mikunjo ya katoni, hao ni mende.

Shemeji alikuwa ametuma pia picha ya lundo dogo karibu na mlango, ambalo yeye alilichukua kuwa choo cha panya hao. Kwa umbo na urefu punje zile zilikaribia sana za panya. Lakini zilikuwa zimejilundika mahali pamoja, hakuna zilizotawanyika kando, na juu yake ukuta ulikuwa na michirizi ya kahawia chini ya mwanya wa mabati. Mnyama atembeaye hudondosha akitembea. Lundo la namna hii hutoka kwa mnyama anayening'inia mahali pamoja. Nilimwomba ajaribu kwa kijiti: avae glovu na kufunika pua na mdomo, alowanishe pembeni mwa lundo, achukue punje moja kavu na kuiweka ndani ya karatasi laini, kisha aibonyeze kwa kijiti na kuipiga picha. Kinyesi cha panya kikikauka huwa kigumu, na kikivunjika hubaki vipande. Hiki kilisagika kuwa unga wenye chembe zinazometa, ambazo ni mabaki ya magamba na mabawa ya wadudu. Alikuwa popo.

Kwa hiyo ghala moja, wageni watatu, na mwizi mmoja tu. Kama tungechukua kinyesi chote kuwa cha mnyama mmoja, tungehesabu panya wengi kuliko waliokuwapo na kutega katika pembe tatu zisizo na faida.

Hatua ya tano: ni cha leo au cha mwaka jana?

Kinyesi kibichi cha panya ni cheusi, laini, kina unyevu na kinang'aa. Baada ya siku chache hufifia, hukauka, na mwishowe huwa cha kijivu na kumomonyoka. Tatizo ni kwamba muda huo haulingani: katika baridi na ukungu wa Julai hapa Nairobi, punje hukaa zikionekana mbichi kwa siku nyingi zaidi kuliko katika jua kavu la Februari chini ya mabati. Kwa hiyo sisemi kinyesi kina siku ngapi nikitazama picha moja. Ninachofanya ni kuomba picha mbili.

Baada ya kupiga picha zote, sehemu ndogo husafishwa kabisa, hunyunyiziwa unga mwembamba au jivu laini, na kupigwa picha jioni. Asubuhi mahali hapohapo hupigwa picha tena kutoka pembe ileile. Punje zilizoongezeka ni za usiku huo bila ubishi, na unga utakuwa umeshika nyayo na mburuzo wa mkia. Shemeji alifanya hivyo juu ya gunia la juu na sakafuni. Juu zilipatikana punje kumi na moja mpya. Sakafuni unga ulilala kama ulivyonyunyizwa.

Usafishaji wenyewe usifanywe kwa ufagio mkavu, kwa kuwa vumbi la kinyesi na mkojo wa panya lina magonjwa, na vumbi la kinyesi cha popo linaweza kubeba kuvu anayeingia mapafuni. Acha mlango na dirisha wazi kwa nusu saa kwanza. Vaa glovu, nyunyizia maji yenye dawa ya klorini ya kufulia, kipimo kimoja cha dawa kwa vipimo tisa vya maji, uache kwa dakika tano, kisha uokote kwa karatasi na kuitia kwenye mfuko unaofungwa. Usichanganye dawa hiyo na sabuni nyingine kali ya choo. Mahindi yaliyoguswa na kinyesi yasinyunyiziwe dawa, yatolewe.

Ikiwa ndani ya picha utaona punje za panya zenye rangi ya buluu au kijani isiyo ya kawaida, uliza kwanza kama kuna aliyeweka sumu. Vyambo vingi vya sumu hutiwa rangi, na rangi hiyo hutokea upande wa pili. Hiyo ni habari njema kwamba panya amekula chambo, na ni onyo kwa mwenye paka.

Mitego ilihamishiwa juu ya boriti. Kwa usiku mbili za kwanza iliwekwa chambo bila kukazwa, kwa sababu panya wa darini huogopa kitu kigeni njiani mwake. Chambo kilikuwa siagi ya karanga. Mtu asiweke mahindi katika ghala la mahindi. Usiku wa tatu ilikazwa, na asubuhi shemeji akanitumia picha ambayo hakuhitaji kuandika swali chini yake: mnyama mwembamba mwenye mkia mrefu kuliko mwili na kichwa chake pamoja, na masikio makubwa. Mkia huo ndio uthibitisho. Mkia wa panya wa mitaroni ni mfupi kuliko mwili na kichwa chake pamoja.

Shambani: aliyepita si lazima awe aliyekula

Shambani picha hupigwa kwa namna ileile, lakini jambo la kwanza kuangalia ni umbo, na urefu hufuata baadaye. Je, ni punje zilizotengana, au ni bonge refu? Punje zilizotengana, za mviringo au kama maharage, ni za walao majani. Bonge refu lenye nywele, vipande vya mifupa, mbegu au magamba ya wadudu ni la mla nyama au mla kila kitu: mbwa, kanu, fungo, nguchiro. Kanu anapoacha bonge lenye manyoya kandokando ya ghala, mwenye ghala amshukuru, kwa maana manyoya hayo yana uwezekano mkubwa kuwa ya panya wake. Bonge jeupe kama chokaa, linaloonekana mara moja moja pembezoni mwa mbuga upande wa Rongai na Kitengela, ni la fisi. Weupe unatokana na mifupa anayoitafuna.

Kati ya walao majani, mabishano makubwa katika mashamba ya pembezoni mwa jiji, kuanzia Karen hadi Ngong, huwa kati ya sungura, digidigi, mbuzi na nungunungu. Punje ya sungura ni ya mviringo, imebonyea kidogo, ina rangi ya majani makavu, na ukiivunja kwa kijiti unaona nyuzi za nyasi zilizokatwakatwa. Punje za digidigi ni ndogo, nyeusi, zimechongoka upande mmoja, na hukutwa kwa lundo mahali palepale kwa siku nyingi, kwa kuwa digidigi hutumia lundo hilo kama mpaka wa eneo lake. Za mbuzi ni kubwa kuliko hizo, na zimemwagika kwa msururu kwenye njia aliyopita, kwa kuwa mbuzi hujisaidia bila kusimama. Nungunungu huacha vipande virefu kama tende au kidole, vyenye nyuzi nyingi za mizizi na magome, na wakati mwingine vimeshikana kama shanga kwenye uzi. Tumbili na kima wananitaabisha kidogo tu, maana ni wanyama wa mchana na mwenye shamba huwa amekwisha kuwaona.

Jirani mmoja mwenye viazi vitamu karibu na msitu wa Ngong alinitumia picha nzuri kweli: rula, mwanga wa asubuhi, karatasi nyeupe, kila kitu. Punje zilikuwa za mviringo, za rangi ya majani makavu, zaidi kidogo ya sentimita moja. Hapakuwa na shaka kwamba ni sungura. Aliuliza uzio wa urefu gani unamzuia sungura.

Kabla ya kumjibu nilimwomba picha ya kiazi kilichoharibiwa, na hapo hadithi ikabadilika. Kiazi kilikuwa kimeliwa kutoka chini na kubaki kama bakuli, udongo wa juu ukiwa haujachimbuliwa. Majani yake, ambayo sungura angeyapenda zaidi, yalikuwa mazima kabisa. Nungunungu angeacha shimo wazi, udongo uliotupwa kando na meno makubwa kwenye mabaki. Kwenye picha ya shamba zima kulikuwa na malundo manne ya udongo laini yaliyofuatana, yasiyo na tundu lolote la kuonekana. Huyo alikuwa fuko. Fuko huishi chini ya ardhi, huvuta viazi kutoka kwenye njia zake za chini, na hujisaidia hukohuko chini, kwa hiyo shamba analoliharibu huwa halina hata punje moja ya kinyesi chake juu ya udongo. Sungura alikuwa amepita tu usiku akila nyasi za pembezoni, akaacha ushahidi dhidi ya nafsi yake.

Tangu hapo, kwa shamba huomba picha nne badala ya tatu, na ya nne ni ya mmea ulioliwa ukiwa bado mahali pake. Kwa nungunungu na digidigi huongeza tahadhari kwamba ni wanyamapori waliolindwa na sheria ya mwaka 2013, na kuwatega au kuwaua bila idhini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, kunaweza kumpeleka mwenye shamba mahakamani. Picha zake zinapaswa kupelekwa huko. Jirani yangu hakuhitaji uzio. Asubuhi moja alipiga picha ya lundo la tano, udongo wake ukiwa bado na umande chini na mweusi juu, na kutokana na mstari wa malundo hayo tukajua fuko anaelekea upande gani wa tuta.